Pawa kodi: kwa nini haisemi kama ni meja au maina? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamhusu anayepiga gitaa lililotuniwa kawaida, yaani E A D G B E, uzi wa 6 ukiwa ule mnene kuliko wote. Karibu mifano yote nimeijenga juu ya A5, ili msomaji aweze kushika gitaa na kufuata hatua kwa hatua bila kuhama freti kila mara.

Pawa kodi ni nini hasa?

Ni noti mbili: noti ya msingi na noti ya tano yake. Ukihesabu A, B, C, D, E, unaona E ndiyo ya tano kutoka A. A na E zikipigwa pamoja ni pawa kodi ya A, nayo huandikwa A5. Kwa aliyelelewa na kwaya, hiyo ni do na so, bila mi katikati yake.

Kwenye gitaa, kidole cha shahada kinabana uzi wa 6 freti ya 5, na kidole cha pete kinabana uzi wa 5 freti ya 7. Umbo hilohilo ukilishusha hadi shahada ifike freti ya 3 unapata G5, na ukilihamishia nyuzi za 5 na 4 kwenye freti zilezile za 5 na 7 unapata D5. Linabadilika mahali pamoja tu: noti ya msingi ikiwa kwenye uzi wa 3 na ya tano kwenye uzi wa 2, unaruka freti tatu badala ya mbili, kwa kuwa pengo la nyuzi hizo mbili ni dogo kuliko la nyuzi nyingine.

Kwa nini haisikiki waziwazi kuwa meja wala maina?

Kwa sababu noti inayoamua jambo hilo haimo. A meja ni A, C# na E. A maina ni A, C na E. Ziweke kodi hizo mbili kando kwa kando utaona kwamba A haijabadilika na E haijabadilika. Katika zote mbili, kutoka A hadi E ni semitoni 7, yaani freti saba. Kilichohama ni noti ya tatu peke yake: semitoni 4 juu ya A ni meja, semitoni 3 ni maina. Tofauti nzima ya kodi hizo inabebwa na freti moja, na pawa kodi imeiacha noti hiyo nje.

Ukitaka kulisikia hili badala ya kuliamini tu, piga A5 kwa sauti safi, iache ivume, kisha uimbe C# juu yake. Pumzika, piga tena A5 ileile, na sasa uimbe C. Mara ya kwanza gitaa litasikika meja, mara ya pili maina, ingawa vidole havikusogea hata kidogo.

Hata hivyo isieleweke kwamba pawa kodi haisemi lolote. Inatamka noti ya msingi kwa uthabiti kuliko kodi nyingi zenye noti nyingi. Vilevile inazifungia mlango kodi ambazo noti ya tano yake imepunguzwa au kuongezwa semitoni moja. Kinachobaki wazi ni swali la meja au maina tu.

Wengi hupiga noti tatu, wakiongeza oktava. Je, hapo inakuwa kodi kamili?

Hapana. Uzi wa 4 freti ya 7 unatoa A nyingine, ileile ya uzi wa 6 lakini oktava moja juu. Sauti inanenepa, ila majina ya noti yamebaki mawili, A na E. Swali la meja au maina liko palepale.

Kwa hiyo iko katikati kabisa, haiegemei upande wowote?

Kwa maandishi, ndiyo. Kwa masikio, inaegemea meja kidogo, na ni vizuri kujua sababu.

Uzi mmoja ukipigwa hautoi mtetemo mmoja. Uzi wa 6 freti ya 5 unatetema mara 110 kwa sekunde, yaani hezi 110, na papo hapo unatoa kwa udhaifu zaidi hezi 220, 330, 440, 550 na kuendelea. Hizi huitwa hamoniki. Hiyo ya tano, hezi 550, iko jirani sana na C# ya gitaa, ambayo ni hezi 554.37. Maana yake ni kwamba ndani ya A yoyote inayovuma mna chembe ya C#, noti ya tatu ya meja, oktava mbili na zaidi juu ya msingi. Chembe ya C, ile ya maina, haipatikani katika hamoniki za mwanzo zenye nguvu.

Kwa sauti safi mwegemeo huo ni mdogo mno, na karibu chochote kingine kwenye wimbo kinaufunika. Distosheni inaukuza, na hilo linakuja hapa chini.

Basi kwenye wimbo, nani anaamua kama ni meja au maina?

Kila kitu kinachozunguka pawa kodi: mwimbaji, besi, solo, na pawa kodi nyingine zilizotangulia na zinazofuata. Sikio linakumbuka. Likishasikia C mahali popote, linaibeba C hiyo na kuitia ndani ya A5 inayokuja baadaye.

Chukua mfuatano A5, C5, D5, kisha rudi A5. Hakuna kodi hata moja hapo yenye noti ya tatu, lakini ukiukusanya mfuatano mzima unapata noti hizi: A na E, C na G, D na A. C imo, tena ni noti ya msingi ya kodi ya pili. Kwa hiyo A5 ya mwisho inasikika maina, na mpiga solo atakayeingia na C# atasikika amepotea njia.

Sasa badilisha kodi moja tu: A5, D5, E5, rudi A5. Noti zake ni A, E, D na B. Hakuna C wala C#. Mfuatano huu umebaki wazi kweli, na mwimbaji ana uhuru wa kuupeleka atakako. Ubeti wa kwanza anaweza kuimba C#, wa pili C, na rizimu isibadilishe kitu. Binafsi naona hapa ndipo pawa kodi inapoonyesha thamani yake kubwa katika utungaji: wimbo unageuka rangi bila gitaa kugusa chochote.

Mara nyingi nimeona mtu akitafuta kosa kwenye A5 yake wakati kosa liko kwenye kodi ya jirani. Kama wimbo ni wa A meja na unasikika mzito kuliko unavyotaka, angalia kwanza kama kuna C5, F5 au G5 mahali fulani. C5 na F5 zote zina C ndani yake, na G5 inaleta G isiyo na shapu, ambayo nayo huvuta kuelekea maina.

Kwa nini noti ya tatu inaachwa hasa distosheni inapowashwa?

Hili ndilo swali lenye mengi, na jibu lake ni la hesabu nyepesi.

Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, inakata vilele vya wimbi la sauti. Noti moja ikikatwa hivyo inazidishiwa hamoniki tu, nazo zinapatana nayo. Noti mbili zikikatwa pamoja ndani ya amplifaya moja, zinazaa pia sauti mpya ambazo hukuzipiga: jumla ya mitetemo yao, tofauti yake, na michanganyiko kama mara mbili ya moja ukitoa nyingine. Mpiga fidla Giuseppe Tartini alieleza kwamba mwaka 1714 alisikia sauti ya tatu, ya chini, alipopiga noti mbili kwa nguvu. Kwake na kwa wasikilizaji wake sehemu kubwa ya sauti hiyo huzaliwa ndani ya sikio. Kwenye distosheni inazaliwa ndani ya umeme wenyewe, kwa hiyo ipo hata kwenye rekodi.

Tuanze na A5. A ni hezi 110. E iliyo safi kabisa ingekuwa 165, na ya gitaa ni 164.81, tofauti ndogo kiasi kwamba tunaweza kutumia 165. Tofauti yao ni 55. Jumla yao ni 275. Mara mbili ya A ukitoa E ni 55 tena. Mara mbili ya E ukitoa A ni 220. Tazama namba hizo: 55, 110, 165, 220, 275. Zote ni vizidisho vya 55, na hezi 55 ni A, oktava moja chini ya ile uliyopiga. Kila kinachozaliwa kinaingia kwenye mstari mmoja na kuusimamisha msingi uleule. Spika za gitaa nyingi hazitoi vizuri hezi 55, lakini sikio likipewa safu ya 110, 165, 220 na 275 linaijaza yenyewe ile 55 iliyokosekana. Ndiyo maana vidole viwili vinatoa sauti nene kuliko kodi ya noti sita.

Sasa ongeza C# katikati, uzi wa 5 freti ya 4, na E uihamishie uzi wa 4 freti ya 2. Unapata A 110, C# 138.59, E 164.81. Mara mbili ya C# ukitoa A ni 167.18. Hiyo imetua karibu mno na E bila kuifikia. Mara mbili ya C# ukitoa E ni 112.37, nayo imetua karibu na A. Kila noti halisi sasa ina pacha wake aliyepishana nayo kwa hezi 2.37, na noti mbili zilizopishana hivyo zinafanya sauti iyumbe, inapanda na kushuka zaidi ya mara mbili kwa sekunde. Chini kabisa kuna tofauti mbili, 28.59 na 26.22, zinazogombana zenyewe kwa zenyewe.

Sehemu kubwa ya tatizo hili inatokana na jinsi gitaa linavyotuniwa. C# iliyo safi juu ya A hiyo ingekuwa hezi 137.5, na ya gitaa iko juu zaidi kwa takriban sehemu 14 kati ya 100 za semitoni. E inakosea kwa sehemu 2 tu. Kwa sauti safi masikio yetu yameizoea C# hiyo na tunaikubali. Distosheni inalichukua kosa dogo na kulinakili kila mahali.

Maina je, ni afadhali?

Ni mbaya zaidi. Weka C, hezi 130.81, badala ya C#: uzi wa 5 freti ya 3. Mara mbili ya C ukitoa A ni 151.62, ambayo iko kati ya D na D#, haina jina kwenye gitaa lako. Mara mbili ya C ukitoa E ni 96.81, chini ya noti yako ya msingi, kati ya F# na G. Meja angalau ingetunwa safi ingetulia, kwa sababu 110, 137.5 na 165 zote ni vizidisho vya 27.5, ambayo ni A ya chini sana. Maina iliyo safi, yaani 110, 132 na 165, kigawo chake kikubwa cha pamoja ni 11. Kwa hiyo hata tuni iwe kamilifu, sauti zinazozaliwa, kama 99 na 154, si sehemu ya kodi. Ndiyo sababu A maina ya chini yenye distosheni nzito inanguruma hadi huwezi kusema ni kodi gani.

Naweza kulithibitisha hili bila vipimo?

Unaweza, ukiwa na chochote cha kurekodia. Washa distosheni nzito, rekodi A peke yake kwenye traki ya kwanza na C# peke yake kwenye traki ya pili, kisha zicheze pamoja. Halafu rekodi traki ya tatu ukizipiga A na C# kwa pamoja, na ulinganishe. Zilizorekodiwa mbalimbali zitasikika kama noti mbili zilizo wazi, kwa kuwa hazikukutana ndani ya distosheni moja. Za pamoja zitasikika zimekwaruzana.

Fanya hivyohivyo na A na E. Hapa mambo yanageuka: zikiwa mbalimbali, ule unene wa chini unapungua sana, kwa kuwa ile tofauti ya hezi 55 haikuzaliwa.

Jaribio hili linaeleza pia kwa nini bendi yenye magitaa mawili ya solo inaweza kupiga kwa distosheni mistari miwili iliyoachana kwa noti ya tatu na ikasikika safi. Kila gitaa lina amplifaya yake, na kila amplifaya inapokea noti moja tu.

Nikipiga E5 inasikika maina, na G5 inasikika meja. Kwa nini?

Kuna uzi unaovuja. E5 ya chini ni uzi wa 6 wazi, uzi wa 5 freti ya 2 na uzi wa 4 freti ya 2. Mkono wa kulia ukipitiliza na kugusa uzi wa 3 ulio wazi, inalia G, na G ndiyo noti ya tatu ya E maina. G5 ni uzi wa 6 freti ya 3, na nyuzi za 5 na 4 freti ya 5. Uzi wa 2 ukiachwa wazi unalia B, noti ya tatu ya G meja. Mpigaji ni yuleyule, mkono ni uleule, lakini kila kodi inavujisha noti yake.

A5 ya freti ya 5 ina hila yake. Kidole cha shahada kikilala sawasawa juu ya nyuzi zote na kubana, uzi wa 3 freti ya 5 unatoa C, na umepata A maina bila kukusudia. Dawa ni kukilaza kidole kwa wepesi, kiguse nyuzi nyembamba bila kuzibana, ili zizime. Ncha yake tu ndiyo ibane uzi wa 6.

Namna ya kutambua uvujaji: zima distosheni, piga kodi yako kwa nguvu ileile ya kawaida, kisha gusa uzi mmojammoja kuanzia wa 1 kwenda juu. Ukigusa uzi ambao hukuupanga na sauti ikabadilika, huo ndio mkosaji. Tafadhali usitafute uvujaji huku distosheni ikiwa imewashwa. Noti zinazozaliwa humo zitakuchanganya na noti zinazovuja.

Sijavujisha kitu, lakini A5 yangu inagombana na sauti ya mwimbaji wa maina. Inawezekana?

Inawezekana. Rudi kwenye ile jumla ya 110 na 165, yaani 275. Hiyo ni karibu C# kamili, na distosheni inaipa nguvu kuliko chembe ya hamoniki niliyoitaja mwanzoni. Mwimbaji akishikilia C ya eneo hilo, hezi 261.63, zinapishana kwa takriban hezi 13, na hapo sauti inakuwa na mkwaruzo. Kwenye nyimbo nyingi mkwaruzo huo ni sehemu ya ladha na hakuna anayelalamika. Ukiwa unasumbua, punguza distosheni kwanza kabla ya kubadilisha kodi. Robo ya mzunguko wa kitasa cha distosheni mara nyingi inatosha. Njia nyingine ni kupiga A na oktava yake bila E. Jumla ya 110 na 220 ni 330, ambayo ni E, na C# inadhoofika sana.

Nikigeuza, E iwe chini na A juu, bado ni A5?

Bado. Uzi wa 6 wazi na uzi wa 5 wazi ni E 82.41 na A 110. Tofauti yake ni karibu hezi 27.5, na hiyo ni A, kwa hiyo distosheni yenyewe inakuambia msingi ni upi ingawa E ndiyo iliyo chini. Kwa sauti safi umbo hili lina mashaka zaidi, na besi ikipiga E chini yake masikio yanaanza kuisikia E kuwa ndiyo nyumbani.

Nataka meja au maina isikike wazi, na distosheni ibaki. Nifanyeje?

Iondoe noti ya tano, na noti ya tatu uipandishe oktava. A uzi wa 6 freti ya 5, na uzi wa 3 freti ya 6 kwa C# au freti ya 5 kwa C. Uzi wa 5 na wa 4 uzimwe. Umbali huo mkubwa unapunguza msuguano wa chini, na noti ni mbili tu, kwa hiyo vinavyozaliwa ni vichache. Meja itatulia vizuri. Maina itabaki na ukali fulani, na distosheni ya wastani itaifaa kuliko ile ya mwisho wa kitasa.

Kwenye karatasi ya kodi niandike A5 au Am?

Andika A5 kama unataka noti ya tatu isipigwe na chombo chochote cha kodi, hasa kinanda. Mpiga kinanda akiona Am ataweka C, akiona A ataweka C#, na akiona A5 ataziacha zote mbili. Kama wimbo ni wa maina na gitaa pekee ndilo litakalopiga A5, andika Am kwenye karatasi ya wote na umweleze mpiga rizimu aiache C.